Tazama Ukingo wa Wingu, Usitishwe na Weusi Wake

Saa moja na dakika ishirini asubuhi niliingiziwa picha na shangazi yangu aliye kwenye mwalo mmoja karibu na Bukoba. Wavuvi walikuwa wamerudi na dagaa wa usiku, naye amekwisha kununua ndoo zake. Picha ilionyesha ziwa, na juu ya ziwa ukuta wa mawingu meusi kutoka pembe hadi pembe. Chini yake ameandika: "Mwanangu, nianike au nisianike?"

Swali lake lilikuwa la pesa. Dagaa wakipigwa na mvua kabla hawajakauka huharibika, wakanuka, na aliyetarajia kuuza kwa chakula cha watu huishia kuuza kwa chakula cha kuku. Lakini wasipoanikwa wakalala kwenye ndoo hadi jua kali, wanaoza vilevile.

Kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba ule weusi ausahau. Bukoba iko magharibi mwa Ziwa Viktoria, kwa hiyo anayetazama ziwa asubuhi anatazama mashariki, na jua limejificha nyuma ya mawingu. Wingu lolote nene kidogo likipigwa na mwanga kutoka mgongoni huonekana jeusi kwetu, liwe na mvua au lisiwe nayo. Wingu hilohilo, jioni jua likiwa nyuma yetu, lingeng'aa kama pamba. Simu nayo huongeza chumvi: inapokutana na anga lenye mwanga mkali hupunguza mwanga wa picha nzima, na mawingu yanazidi kutisha kuliko yalivyo machoni.

Kisichodanganya kirahisi ni ukingo. Nikaikuza picha nikautazama upande wa kushoto. Palikuwa na mnara wa wingu wenye kilele cha vinundu vilivyobanana kama koliflawa, mpaka wake umekatika wazi kana kwamba umechorwa kwa penseli. Hilo ni kumulasi, jina alilolitoa Mwingereza Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London aliyeanza kuyapanga mawingu kwa majina ya Kilatini mwaka 1802. Maana yake ni lundo. Ukingo mkali namna ile unatuambia kwamba kilele bado ni matone ya maji, na kwamba hewa yenye joto inaendelea kupanda ndani yake. Wingu bado linakua.

Upande wa kulia mnara ulikuwa na sura nyingine. Kilele chake kilikuwa kimepoteza vinundu, kimelainika na kuchanika nyuzinyuzi kama katani, kisha kimetandazwa kuja upande wetu kama fuawe ya mhunzi. Hapo maji yamekwisha kuwa barafu. Katika nchi zetu za ikweta, hewa hufikia baridi ya kugandisha kwenye kimo cha kama kilomita 5 kutoka usawa wa bahari, na wingu linalopita hapo kwa nguvu likapanda hadi hewa ikatae kupanda zaidi, ndilo linalotandaza fuawe. Jina lake ni kumulonimbasi, wingu la radi. Ukiona nyuzinyuzi zile kichwani, jua kwamba mvua imekwisha kuanguka mahali fulani chini yake.

Hapa pana mtego ambao ulininasa zamani. Picha ikitumwa kwa simu hubanwa ili iwe nyepesi, na kubanwa huko hufuta michoro midogo. Kilele chenye vinundu hugeuka laini, nawe ukadhani ni barafu. Nilimwomba shangazi aitume tena kama faili, isibanwe, ndipo nikaamini nilichokiona.

Je, wingu lile liko mbali kiasi gani? Picha ya kamera kuu ya simu nyingi, simu ikiwa imelazwa, hubeba takriban digrii 65 hadi 70 kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipima kutoka mstari wa maji hadi kilele cha mnara wa kulia, nikapata kama sehemu moja ya saba ya upana wa picha, yaani karibu digrii 10. Kitu kinachoonekana kwa pembe hiyo kiko mbali karibu mara sita ya kimo chake. Mnara wa radi wa kwetu huweza kuwa na kimo cha kilomita 10 hadi 15 juu ya ziwa, kwa hiyo ulikuwa mahali fulani kati ya kilomita 60 na 85. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, na kwa kamera ya pembe pana haifai kabisa, kwa sababu hiyo huvuta vitu vya pembeni. Lakini ilitosha kujua kwamba mvua haiko mlangoni. Wingu la namna hiyo likisogea kilomita 30 kwa saa, lina saa mbili au zaidi kabla ya kufika.

Picha moja, hata hivyo, haisemi wingu linakwenda wapi. Nikamwambia asimame palepale, aweke mlingoti wa mtumbwi uleule kando ya picha, apige nyingine baada ya dakika 15. Nilitarajia habari njema, na sababu yake ni tabia ya ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa ya pwani zote humiminika kuelekea ziwani, hukutana katikati na kulazimika kupanda. Ndiyo maana radi nyingi za Ziwa Viktoria huzaliwa usiku na kuendelea hadi asubuhi. Jua likishapasha nchi kavu, upepo hugeuka na mawingu ya ziwani hukosa chakula.

Picha ya pili ilipofika, mnara wa kushoto ulikuwa umeporomoka. Vinundu vimelegea, na kitako chake kilichokuwa bapa kimekatikakatika. Wa kulia ulibaki fuawe tupu inayoelea bila shina. Hapakuwa na mnara mpya wenye ukingo mkali popote. Nikamwandikia: "Anika, shangazi, ila mkeka uwe karibu."

Nilimwongezea jambo moja la kulinda. Mtu aliyesimama ufukweni huona mstari wa maji ulio kama kilomita 5 tu mbele yake. Mstari huo ukiwa mkali kama wembe, haimaanishi kwamba ziwa zima ni kavu. Unathibitisha tu zile kilomita 5. Ukianza kufifia, maji na anga vikachanganyika kuwa kijivu kimoja, mvua imeingia ndani ya kilomita hizo, na huenda zimebaki dakika kumi za kukusanya. Na ikiwa chini ya mawingu litatokea wingu refu la mlalo, limejipinda kama upinde na kushuka kuliko yote, asingoje mstari ufifie. Hilo huendeshwa na hewa baridi inayomwagika kutoka kwenye mvua, na upepo wake hutangulia: ndio unaopindua mitumbwi.

Mvua haikunyesha mwaloni siku ile. Lakini ile fuawe niliyoidharau ilitanda polepole hadi juu ya vichwa vyao, utando mweupe wa barafu uliolifanya jua lionekane kama kupitia karatasi ya mafuta, na haikuondoka hadi saa tano. Dagaa hawakukauka vizuri siku hiyo. Shangazi alilazimika kuwaanika tena kesho yake. Nilikuwa nimeisoma picha kwa ajili ya mvua, nikasahau kwamba dagaa wanahitaji jua pia. Siku hizi akinitumia picha ya anga, naangalia kwanza nyuzinyuzi za juu zinaelekea wapi.