Majina ya vifurushi yanapomchanganya mnunuzi

Wauzaji wengi wa huduma hupoteza wateja kwenye orodha ya bei, kabla hata ya mazungumzo kuanza. Chukua mfano wa muuzaji wa programu ya hesabu za maduka mwenye vifurushi vitatu: Shaba Sh 20,000 kwa mwezi, Fedha Sh 45,000 na Dhahabu Sh 90,000. Majina hayo yanaonyesha kipi ni ghali, lakini hayamwambii mwenye duka kipi kinamfaa. Mwenye duka moja akibahatisha Fedha hulipa Sh 25,000 za ziada kila mwezi, na akigundua huhama.

Dawa ni kutafuta jambo moja linalotenganisha vifurushi hivyo. Hapa ni idadi ya maduka. Basi viitwe Duka 1, Maduka 2 hadi 5, na Maduka 6 na Zaidi. Chini ya kila jina, sentensi moja ieleze kinachotokea mteja akivuka kikomo. Huduma zilizomo katika vyote vitatu ziandikwe mara moja tu.

Kipimo ni swali la "nichukue kipi?" Muuzaji ahesabu linavyoulizwa mwezi mmoja kabla ya mabadiliko na mwezi mmoja baadaye. Lisipopungua, huenda vifurushi vyenyewe havitofautiani, na viwili vinafaa kuunganishwa.