Unga Mweupe na Unga Mzima: Jinsi ya Kuutambua Mmoja na Mwingine

Katika skimu nyingi za Trans Nzoia na Lugari kuna jambo la kushangaza kidogo. Mwenye shamba huuza magunia ya mahindi baada ya mavuno, kisha hununua dukani unga mweupe wa pakiti. Baadaye huenda tena dukani kununua pumba zenye kiini cha mahindi kwa ajili ya ng'ombe wake wa maziwa. Basi kiini kimerudi nyumbani, lakini kimekwenda kwa ng'ombe, nao watoto wamepata wanga peke yake. Yafaa kujua unga ulio mezani ni wa namna gani.

PUNJE INA SEHEMU TATU

Ikate punje ya mahindi katikati kwa kisu, uitazame. Nje kuna ganda, ambalo likisagwa huwa pumba. Ndani, sehemu kubwa nyeupe ni wanga. Karibu na ncha, mahali punje iliposhika gunzi, kuna kiini, ambacho ndicho kinachoota ukipanda. Kiini ni kama sehemu moja kwa tisa ya punje, lakini ndimo yalimo mafuta mengi ya punje na sehemu kubwa ya vitamini na madini yake.

Unga mzima ni ule uliosagwa na sehemu zote tatu. Unga uliochekechwa ni ule ambao ganda na sehemu kubwa ya kiini vimeondolewa. Kwenye posho mill, mahindi yakipitishwa kwanza katika mashine ya kukoboa, ndiyo njia hiyo hiyo. Tuseme umepeleka gunia la kilo 90, nayo mashine ikaondoa sehemu moja kwa tano. Utarudi na kilo 72 za unga, na kilo 18 zitabaki kuwa chakula cha mifugo. Kwa hiyo kabla ya kusaga mwambie mwenye mashine wazi: "Usikoboe."

TAZAMA RANGI, LAKINI KWA UANGALIFU

Mimina kijiko cha kila unga juu ya karatasi nyeupe, mahali penye mwanga wa jua. Unga uliochekechwa wa mahindi meupe ni mweupe wote. Unga mzima hukaribia rangi ya maziwa ya mtindi au kijivu kidogo, nao una vipande vidogo vya ganda na vidoadoa vyeusi. Vidoa hivyo si uchafu. Punje ikikomaa hufanya tabaka jeusi katika ncha yake, na tabaka hilo husagwa pamoja na punje.

Rangi ya manjano haina maana kwamba unga ni mzima. Wazee wanakumbuka unga wa manjano wa njaa ya 1984: hiyo ilikuwa rangi ya mahindi yenyewe. Mahindi ya manjano yakikobolewa na kuchekechwa hubaki ya manjano.

Ukiwa na shaka, chukua kikombe kimoja cha unga ukichekeche kwa chujio jembamba la chai. Unga uliochekechwa hupita karibu wote. Unga mzima huacha pumba juu ya chujio. Kisha finya unga mkononi na uunuse. Unga mzima uliosagwa karibuni hushikamana kidogo kwa sababu ya mafuta, na una harufu ya mahindi. Lakini kama kinu kimesaga laini sana, pumba nazo zitapita, na macho peke yake hayatoshi.

SOMA MANENO YA PAKITI

Maneno mengi ya pakiti ni ya Kiingereza. Mbele ya jina la unga tafuta neno moja kati ya mawili. Lile linaloanza na herufi S na lenye herufi sita maana yake ni kwamba unga umechekechwa. Lile linaloanza na W maana yake ni mzima. Maneno "gredi ya kwanza" ni ya unga uliochekechwa. Gredi hiyo yaonyesha weupe na ulaini, wala si wingi wa lishe. Pakiti ikitoka Tanzania, "sembe" ni unga uliokobolewa na "dona" ni unga mzima, ijapokuwa hapa kwetu watu wengi huita unga wowote sembe. Maneno kama "safi", "bora" na "asilia", pamoja na picha ya hindi, hayakuambii lolote.

Kisha geuza pakiti utazame jedwali la lishe, mahali palipoandikwa kwa kila gramu 100. Unga mzima una karibu gramu 7 za nyuzinyuzi na mafuta gramu 3 na nusu au zaidi. Unga uliochekechwa una nyuzinyuzi chini ya gramu 4 na mafuta chini ya gramu 2. Tuseme dukani kuna pakiti mbili zenye rangi ya maziwa. Ya kwanza ina neno la W, nyuzinyuzi gramu 7, mafuta gramu 3.6. Ya pili ina maneno "unga asilia", nyuzinyuzi gramu 3, mafuta gramu 1.5. Ya pili ni unga uliochekechwa, hata kama jina na rangi yake vinapendeza.

NI NINI KINACHOPOTEA?

Nguvu ya mwili haipungui, na protini hupungua kidogo tu. Lakini chuma, zinki na vitamini B1 hubaki kama theluthi moja ya vile vilivyokuwamo. Kwa sababu hiyo, tangu 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini, pamoja na vitamini A, chuma na zinki. Tafuta alama ya nyongeza hiyo kwenye pakiti. Ni alama ya vitu vilivyoongezwa; haisemi kwamba unga ni mzima, wala nyuzinyuzi hazirudishwi.

Nao unga mzima wa posho mill una upungufu wake. Kwa kawaida hauongezwi kitu, na mahindi meupe hayana vitamini A. Ule pamoja na mboga za majani, malenge au maembe. Tena, katika pumba na kiini kuna kitu kinachoshika chuma kisiingie vizuri mwilini. Uji uliochachushwa hupunguza shida hiyo.

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA

La kwanza, mafuta ya kiini huharibika. Unga mzima ukikaa majuma mengi hupata uchungu na harufu mbaya. Saga debe moja moja, unga wa kutosha majuma mawili au matatu, na nafaka iliyobaki uiweke ikiwa punje.

La pili ni sumu kuvu. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Sumu hukaa zaidi katika ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza, lakini hakuimalizi. Huwezi kuiona katika rangi ya unga, wala kupika hakuiondoi. Unga mzima wafaa tu ukisagwa kutoka mahindi mazuri: yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13 na nusu, yasiyolala juu ya udongo mtupu, na ambayo punje zake zilizooza, zilizobadilika rangi au kupasuka zimetolewa kwa mkono kabla ya kwenda kinuni. Punje hizo usimpe ng'ombe wa maziwa wala kuku, maana sumu huingia katika maziwa.