Asilimia ya mahudhurio vipindi visipolingana na ruhusa zikiingia

Asilimia ya mahudhurio ni hesabu ya mgawanyo: vipindi alivyohudhuria mwanafunzi, kugawanya kwa vipindi alivyotakiwa kuhudhuria, mara 100. Namba ya juu haina ubishi mwingi, kwa sababu daftari linaonyesha alikuwepo au hakuwepo. Ugomvi wote uko kwenye namba ya chini. Vipindi vya wiki vinapokuwa vinne leo na kimoja kesho, na baadhi ya siku alizokosa zina karatasi ya daktari, daftari moja linaweza kutoa majibu matatu au manne, na baadhi yao yanamzuia mtu kuingia chumba cha mtihani.

Mfano ufuatao ni wa somo moja katika chuo kinachodai mahudhurio ya asilimia 75, kiwango ambacho vyuo vingi hukitumia. Ratiba iliyobandikwa inaonyesha vipindi vinne kwa wiki: viwili Jumatatu, kimoja Jumatano na kimoja Ijumaa. Muhula una wiki 13, kwa hiyo kwenye karatasi kuna vipindi 52. Hali halisi ikawa nyingine. Wiki mbili za kwanza usajili ulikuwa unaendelea na vilifundishwa vipindi viwili viwili. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya nane mambo yalikwenda kama ratiba, vinne kila wiki. Wiki ya tisa Jumatatu ya Pasaka ilifuta viwili, Jumatano mwalimu akawa safarini, kikabaki cha Ijumaa peke yake. Wiki ya 10 hadi ya 12 vilifundishwa vitatu vitatu, na wiki ya mwisho viwili. Jumla ni vipindi 40 vilivyofanyika kweli.

Hao 40 ndio mwanzo wa hesabu, si wale 52. Kipindi ambacho mwalimu hakutokea hakina aliyehudhuria wala mtoro. Daftari linalogawanya kwa ratiba badala ya vipindi vilivyofanyika linawaadhibu wanafunzi wote kwa pamoja, na dalili yake huonekana haraka: hata mwanafunzi ambaye hajakosa siku moja hafikishi 100. Hapa angepata 40 kwa 52, yaani asilimia 76.9, na akikosa kipindi kimoja tu angeshuka hadi 75 kamili.

Mwanafunzi wa mfano alihudhuria vipindi 29 na kukosa 11. Kati ya hivyo 11, vinne ni vya wiki ya tano nzima, alipolazwa kwa malaria na kurudi na karatasi ya mapumziko ya daktari, ile ambayo Watanzania wengi huiita ED. Saba vilivyobaki havina maelezo.

Kuna njia tatu za kuitendea ED hiyo. Ya kwanza haitofautishi mgonjwa na mtoro: 29 kwa 40, sawa na asilimia 72.5, na mwanafunzi hafanyi mtihani. Ya pili inaviondoa vipindi vya ruhusa kwenye hesabu kabisa, juu na chini. Vilivyobaki ni 36, alihudhuria 29, jibu ni asilimia 80.6. Ya tatu inamhesabu mwenye ruhusa kana kwamba alikuwepo: 29 na 4 ni 33, kwa 40, sawa na asilimia 82.5.

Njia ya kwanza haina haja ya kujadiliwa kwa urefu. Chuo kinachoitumia kinafanya ruhusa isiwe na maana yoyote kwenye mahudhurio, na kama ndivyo kanuni ilivyo, basi iandikwe wazi mwanzoni mwa muhula. Mjadala wa kweli uko kati ya mbili za mwisho, ambazo kwa mfano huu zinapishana kwa pointi mbili tu na watu wengi huziona ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Njia ya pili inajibu swali hili: katika vipindi ambavyo mwanafunzi angeweza kuja, alikuja vingapi? Ruhusa haimpandishi wala haimshushi. Njia ya tatu inampa zawadi ya mahudhurio ambayo hayakutokea, na zawadi hiyo hukua kadiri ruhusa zinavyoongezeka. Mwanafunzi mwenye ruhusa ya vipindi 30 kati ya 40, ambaye katika 10 vilivyobaki alikuja vinne tu, kwa njia ya tatu ana 34 kwa 40, asilimia 85, na anapita kifua mbele. Kwa njia ya pili ana 4 kwa 10, asilimia 40, na utoro wake unaonekana ulivyo.

Njia ya pili nayo ina mpaka wake. Mtu aliyepewa ruhusa ya vipindi 36 na kuhudhuria vinne vilivyobaki atasoma asilimia 100, ingawa somo lenyewe hakulipata. Hesabu haijakosea hapo. Imeulizwa swali lisilo lake. Ndiyo maana kanuni nzuri huweka masharti mawili: asilimia baada ya kuondoa ruhusa, na idadi ya chini ya vipindi ambavyo mtu lazima awe ameketi darasani kwa sababu yoyote ile. Anayeshindwa la pili kwa ugonjwa huahirisha muhula, na jambo hilo ni tofauti kabisa na kuzuiwa kwa utoro.

Kuna tokeo jingine la njia ya pili ambalo wanafunzi hulistaajabia. Bila ruhusa yoyote, kiwango cha asilimia 75 katika vipindi 40 kinaruhusu kukosa 10. Kwa ruhusa ya vipindi vinne, vinavyohesabiwa ni 36, na vinavyoweza kukosekana bila sababu ni tisa. Kila ruhusa ya vipindi vinne inapunguza nafasi moja ya utoro, kwa kuwa robo inayoruhusiwa sasa inachukuliwa kutoka kwenye fungu dogo zaidi.

Kosa linalodhuru kuliko yote, na ambalo hufanywa hata na makarani makini, ni kutafuta asilimia ya kila wiki kisha kuchukua wastani wake. Mtoro wa vipindi saba katika mfano huu ulisambaa hivi: kimoja wiki ya kwanza, kimoja kimoja wiki ya 4, ya 6 na ya 7, kile pekee cha wiki ya 9, kimoja wiki ya 11 na kimoja wiki ya 13. Wiki ya tano imeondolewa kwa ED. Asilimia za wiki 12 zilizobaki, kwa mfuatano, ni 50, 100, 100, 75, 75, 75, 100, 0, 100, 66.7, 100 na 50. Jumla yake ni 891.7, na wastani ni 74.3. Mwanafunzi ambaye kwa haki ana asilimia 80.6 amezuiwa kufanya mtihani.

Kilichoharibu ni ile wiki ya tisa. Kipindi chake kimoja kimepewa uzito wa wiki nzima, kwa hiyo kukikosa kumeondoa sehemu moja ya 12 ya alama yote, zaidi ya pointi nane. Katika hesabu sahihi kipindi chochote ni kimoja kati ya 36, chini kidogo ya pointi tatu. Wastani wa wiki hutoa jibu sahihi pale tu kila wiki inapokuwa na idadi ileile ya vipindi. Zisipolingana, vijumlishwe vyote kwanza, halafu mgawanyo ufanywe mara moja, mwishoni. Kanuni hiyohiyo inatumika pale urefu wa vipindi unapotofautiana: maabara ya saa tatu na mhadhara wa saa moja zikihesabiwa sawasawa, anayekosa maabara anapona kirahisi mno, hivyo ni afadhali kujumlisha saa badala ya vipindi.

Kugeuza ED kuwa vipindi kunahitaji jicho pia, kwani daktari huandika siku na daftari huhesabu vipindi. Kwa ratiba ile ya vinne kwa wiki, ED ya siku tatu inayoanza Jumatatu inafunika vipindi vitatu. Ikianza Jumatano inafunika viwili. Ikianza Alhamisi inafunika kimoja tu, cha Ijumaa, maana Jumamosi hakuna darasa. Karani anayeandika ruhusa tatu kwa kila ED ya siku tatu atakuwa anagawa asiyokuwa nayo.

Kwenye daftari la kompyuta inatosha kutumia alama tatu: H kwa aliyehudhuria, X kwa aliyekosa bila sababu, R kwa mwenye ruhusa. Kipindi kisichofanyika kinaachwa wazi. Ikiwa alama za mwanafunzi wa kwanza ziko kuanzia safu ya C hadi BB, fomula ya njia ya pili ni hii:

```
=COUNTIF(C2:BB2,"H")/(COUNTIF(C2:BB2,"H")+COUNTIF(C2:BB2,"X"))
```

R na nafasi wazi haziingii popote, kwa hiyo hazihitaji kuondolewa kwa mkono. Hatari yake ni kwamba kipindi kilichofanyika lakini alama ikasahaulika nacho kitatoweka kimyakimya. Dawa ni kujumlisha H, X na R za kila mstari: kwa wote walioanza muhula siku moja, jumla lazima iwe 40. Mstari wenye 39 una alama iliyosahaulika.

Fomula hiyo pia hutumika kupanga mbele. Mwisho wa wiki ya nane mwanafunzi huyu alikuwa na H 20, X 4 na R 4, yaani 20 kwa 24, asilimia 83.3. Vilibaki vipindi 12, hivyo mwisho wa muhula vingehesabiwa 36, na robo tatu yake ni 27. Alihitaji saba kati ya 12. Alihudhuria tisa. Robo tatu isipotoka namba kamili, hupandishwa daima: robo tatu ya 35 ni 26.25, na anayetakiwa kupita lazima awe na 27, kwani 26 kwa 35 ni asilimia 74.3.

Kwa mpaka wa asilimia 75 hata kikokotoo si lazima. Vipindi alivyohudhuria huzidishwa kwa nne, vinavyohesabiwa huzidishwa kwa tatu, na jibu la kwanza lisipungue la pili. Hapa ni 116 dhidi ya 108, na amepita. Njia hii inaondoa pia mzozo wa kukadiria, ambapo 74.6 huandikwa 75 kwa mmoja na kuachwa 74 kwa mwingine.

Orodha ya mahudhurio inayobandikwa ubaoni ikiwa na asilimia peke yake haiwezi kuhakikiwa na mwanafunzi wala mwalimu. Inatakiwa ionyeshe vipindi vilivyofanyika, vya ruhusa, na alivyohudhuria kila mmoja. Mwanafunzi anayeona jina lake chini ya mstari aanze kwa kudai namba hizo tatu.