Mkopo Ukikataliwa, Anza na Hati ya Mshahara

Benki ikikuandikia kwamba uwezo wako wa kulipa hautoshi, usikimbilie benki nyingine na karatasi zilezile. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili za mshahara, na benki nyingi huipima theluthi inayobaki kwa mshahara wa msingi.

Chukua mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 60,000. Lazima abakiwe na 20,000. Baada ya kodi, sako na mikopo ya zamani, anapokea 26,000, kwa hiyo nafasi yake ni 6,000 tu kwa mwezi. Aliomba mkopo wenye rejesho la 9,000, ungepitaje?

Katika makato hayo kuna mkopo mdogo wa 4,000 kwa mwezi, umebakiza miezi mitatu. Akiumaliza, nafasi inafika 10,000. Ila asiombe siku hiyohiyo: asubiri hati mpya ambayo kato hilo halimo, maana afisa wa mikopo huhesabu kilichoandikwa. Kurefusha muda nako hupunguza rejesho, lakini riba yote huongezeka, nami nisingeanzia hapo.

Barua ikitaja deni lililochelewa, hiyo ni kazi nyingine: omba ripoti yako ya mikopo, umtafute aliyekuripoti.