Kusoma Kitomeo cha Kamusi ya Lugha Mbili

Kitomeo cha kamusi ya lugha mbili huanza na kidahizo, yaani neno lenyewe linalotafutwa, ambalo huchapwa kwa wino uliokoza. Baada yake huja kifupisho kinachotaja aina ya neno, kisha namba za maana, visawe vya lugha ya pili, na mara nyingi sentensi moja au mbili za mfano. Wasomaji wengi huyaruka yote hayo na kuchukua kisawe cha kwanza kinachokutana na macho. Makosa mengi ya tafsiri huanzia hapo: kamusi inakuwa haikukosea, ila imesomwa nusu.

Kabla ya kukisoma kitomeo, lazima kipatikane. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, vitenzi hupangwa kwa shina, bila ku- na bila viambishi vya nafsi na wakati. Kwa hiyo anayelisoma neno walipopelekewa atalikuta chini ya peleka, katika herufi P. Nomino hupangwa kwa umoja: meno yako chini ya jino, na nyufa ziko chini ya ufa. Neno kama kuta humtaka msomaji aitazame kwanza sentensi. Ikiwa ni “kuta zimebomoka”, neno hilo ni wingi wa ukuta na linatafutwa katika herufi U. Ikiwa ni “nitamkuta nyumbani”, ni kitenzi na liko katika K. Kamusi za zamani zina utaratibu wao pia. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, nomino nyingi zilizozaliwa na kitenzi zimekusanywa chini ya kitenzi chenyewe, hivyo anayetaka maelezo ya mpishi hupaswa kwenda kwenye pika.

Kidahizo kikishapatikana, jicho likutane na namba. Hapa pana aina mbili za namba ambazo huchanganywa sana. Namba ndogo iliyobandikwa juu au ubavuni mwa kidahizo husema kwamba haya ni maneno mbalimbali yaliyofanana kwa maandishi tu. Namba za kawaida zilizo ndani ya kitomeo husema kwamba neno ni moja ila lina maana kadhaa zinazohusiana. Paa ni mfano mzuri wa aina ya kwanza. Kuna paa la nyumba, kuna paa mnyama wa porini, kuna kupaa kwa ndege angani, na kuna kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Hayo ni maneno manne, na kamusi iliyotungwa vizuri huyapa vidahizo vinne. Msomaji aliyekomea kwenye paa la kwanza hajakosa maana moja tu; amesoma neno lisilo lake kabisa.

Kinachomwongoza kwenye paa sahihi ni kifupisho pamoja na mabano yanayokifuata. Katika kamusi zilizotungwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, nm ni nomino, kt ni kitenzi na kv ni kivumishi. Kwenye nomino huongezwa viambishi vya upatanisho wa kisarufi ndani ya mabano. Paa la nyumba litakuwa na [li-/ya-], na paa mnyama atakuwa na [a-/wa-]. Mabano hayo hutazamwa kana kwamba ni mapambo ya walimu wa sarufi, kumbe ndiyo ufunguo wenyewe. Msomaji akikutana na sentensi “paa limevuja usiku kucha”, kiambishi li- kilichomo katika limevuja kinamtuma moja kwa moja kwenye kidahizo chenye [li-/ya-]. Akikutana na “paa amekimbilia kichakani”, a- inampeleka kwenye kile chenye [a-/wa-]. Hahitaji kubahatisha, hata kama hajawahi kumwona paa wa porini.

Vitenzi navyo vina alama zao. Neno ele, ambalo huandikwa katika mabano, ni kifupi cha elekezi: kitenzi hicho hubeba yambwa, kama pika katika “pika wali”. Sie ni si elekezi, kama lala, ambacho hakina kitu kinacholalwa. Upande wa Kiingereza kazi hiyo hufanywa na vt kwa kitenzi elekezi na vi kwa kisicho elekezi, pamoja na n kwa nomino na adj kwa kivumishi. Zipo pia alama za mnyambuliko: tde huonyesha kauli ya kutendea, tdk ya kutendeka, tdn ya kutendana, tdw ya kutendwa. Alama ya wimbi, ~, husimama badala ya kidahizo ili kuokoa nafasi; mwenye kusoma ~ ndani ya kitomeo cha paa asome paa. Kwa kuwa vifupisho hutofautiana kutoka kamusi moja hadi nyingine, orodha yake huwekwa katika kurasa za mwanzo, na inafaa isomwe siku kamusi inaponunuliwa, kabla haja haijabana.

Namba za maana zinaeleweka vizuri zaidi kwa kuifuata kazi moja hadi mwisho. Tuseme mwandishi wa habari ana sentensi hii ya Kiingereza ya kutafsiri: “The government will address the problem.” Neno linalomsumbua ni address, na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili aliyo nayo ina kitomeo cha namna hii:

address n 1 anwani. 2 hotuba. vt 1 andika anwani (kwenye bahasha). 2 hutubia: ~ a meeting, hutubia mkutano. 3 shughulikia, kabili (tatizo, suala).

Mtu mwenye haraka ataondoka na anwani, kwa sababu ndilo neno la kwanza na ndilo analolijua tangu shuleni. Hatua ya kwanza ya kuusoma mstari huo ni kuiuliza sentensi, si kamusi: address hapa ni aina gani ya neno? Linatanguliwa na will, alama ya wakati ujao, na linafuatwa na kitu kinachotendwa. Basi ni kitenzi, tena elekezi. Papo hapo sehemu yote ya n inaachwa, anwani na hotuba zikiwa humo. Zinabaki maana tatu zilizo chini ya vt.

Hatua ya pili ni kusoma yaliyomo katika mabano baada ya visawe, kwa kuwa mabano hayo hutaja mambo ambayo kitenzi huandamana nayo. Maana ya 1 inaandamana na bahasha. Maana ya 2 ina mfano wa mkutano, kwa hiyo inataka watu wanaosikiliza. Maana ya 3 inaandamana na tatizo au suala, na sentensi ya mwandishi ina tatizo. Jibu liko katika namba 3. Ifahamike kuwa namba hazipangi maana kwa ubora. Watungaji wengine hutanguliza maana inayotumika zaidi, wengine hutanguliza ile ya kale, na kwa vyovyote vile namba 1 si jibu sahihi kuliko namba 3. Ni la kwanza kwa mpangilio tu.

Hatua ya tatu ni kuchagua kati ya shughulikia na kabili, yaliyotenganishwa kwa koma. Kwa kawaida koma hutenganisha visawe vilivyo karibu kimaana, na nukta mkato hutenganisha vilivyoachana kidogo. Hata hivyo, ukaribu huo hauyafanyi yawe neno moja. Kukabili tatizo kuna sauti ya kusimama mbele yake kwa ushupavu; kushughulikia ni kulifanyia kazi. Sentensi ya serikali haina sauti ya mapambano, kwa hiyo “serikali itashughulikia tatizo hilo” inakaa vizuri zaidi. Pia mwandishi asiteleze akaandika “itatatua”, kwa sababu kulishughulikia tatizo si kulimaliza, na gazeti lililoahidi utatuzi kwa niaba ya serikali limesema jambo ambalo halikusemwa.

Iliyobaki ni kuhakiki kwa kurudi nyuma. Neno lililochaguliwa hutafutwa katika kamusi ya upande wa pili, kuona kama linarejea kwenye maana ileile. Shughulikia likitafutwa katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza litatoa visawe vya kufanyia jambo kazi, na mwandishi atajua yuko salama. Angekuwa amechukua anwani, safari hiyo ya kurudi ingemleta mahali pa makazi ya mtu, na kosa lingejifichua lenyewe. Hakiki hii huchukua muda mfupi na hunasa makosa mengi.

Sentensi za mfano ndizo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, labda kwa sababu zinachukua nafasi na hazionekani kujibu swali. Thamani yake inaonekana katika kitenzi azima. Katika Kiswahili, mwenye kalamu huazima na asiye na kalamu huazima vilevile, ila Kiingereza kina vitenzi viwili vya pande hizo mbili: lend kwa anayetoa, borrow kwa anayepokea. Kitomeo kinachoandika azima kisha lend, borrow na kuishia hapo kinamwacha mwanafunzi gizani, naye ataandika kwamba anaomba kumkopesha mwalimu kitabu wakati yeye ndiye anayekitaka. Kikiongezwa mfano “niazime kalamu yako” mbele ya lend, na “nimeazima kalamu kwa jirani” mbele ya borrow, mambo yanajipanga. Mfano wa kwanza una kiambishi cha mpokeaji, -ni-, ndani ya kitenzi. Wa pili una kwa inayomtaja mwenye mali. Msomaji makini huichukua sentensi ya mfano kama kiunzi: huondoa kalamu akaweka kitabu, huondoa jirani akaweka mwalimu, na vingine vyote huviacha palepale.

Mifano hufichua pia maneno madogo yanayoandamana na kitenzi, ambayo kisawe peke yake hakiwezi kuyaonyesha. Mzungumzaji wa Kiswahili huzoea kusema “tulijadiliana kuhusu bei”, akaihamisha kuhusu hiyo na kuiweka about baada ya discuss. Mfano wowote wa discuss katika kamusi nzuri utaonyesha kitenzi hicho kikipokea yambwa moja kwa moja, bila neno lolote katikati. Vivyo hivyo depend huonekana ikifuatwa na on, ingawa tegemea ya Kiswahili haihitaji chochote.

Kamusi nayo ina mipaka. Iliyochapishwa miaka ya 1990 haitakuwa na maneno mengi ya simu na mtandao, na kutokuwamo kwa neno hakuonyeshi kwamba neno hilo si sahihi. Na kamusi ndogo ya mfukoni, inayotoa kisawe kimoja kwa kidahizo kimoja bila vifupisho, namba wala mfano, inafaa kumkumbusha mtu neno analolijua tayari. Kwa kutafsiri mkataba, barua ya ofisi au maelezo ya dawa, haitoshi.