Mifuko Minane ya Saruji Imekwenda Wapi?

Chukua duka la vifaa vya ujenzi linalouza saruji. Mwezi ulianza kukiwa na mifuko 100 stoo, kila mmoja umenunuliwa kwa shilingi 15,000. Baadaye ikaingia mingine 300 kwa bei hiyohiyo. Siku ya mwisho mwenye duka akahesabu, akakuta mifuko 90. Je, saruji iliyouzwa ilimgharimu kiasi gani?

Kwa mfumo wa vipindi, muuzaji huandika fedha za mauzo tu, na stoki husubiri siku ya kuhesabiwa. Ikifika, anachukua stoki ya mwanzo, 1,500,000, anajumlisha manunuzi, 4,500,000, kisha anatoa stoki ya mwisho, 1,350,000. Inabaki 4,650,000, yaani mifuko 310. Hiyo ndiyo gharama ya bidhaa zilizouzwa.

Tatizo ni kwamba hesabu hii huchukulia kila kilichotoka stoo kuwa kimeuzwa. Mfuko ulioloa mvua ukaganda, au ulioibiwa usiku, nao umo ndani ya ile 4,650,000, na hakuna mahali pa kuuona.

Mfumo endelevu hufuatilia kila mfuko. Ukiuzwa kwa 17,000, mauzo yanaandikwa 17,000, na papo hapo 15,000 inatolewa kwenye stoki na kuingizwa kwenye gharama. Tuseme mwisho wa mwezi daftari linaonyesha mifuko 302 imeuzwa. Gharama yake ni 4,530,000, na stoo ilitakiwa kubaki na mifuko 98. Iliyopo ni 90. Minane haionekani, na thamani yake ni shilingi 120,000.

Mauzo ya mifuko 302 ni 5,134,000. Mfumo wa vipindi utaonyesha faida ghafi ya 484,000. Mfumo endelevu utaonyesha 604,000, na ukiondoa upotevu wa 120,000 unarudi palepale. Faida haikubadilika, ila sasa mwenye duka anajua kuna jambo la kuuliza.

Aanze na droo ya fedha. Ikizidi kwa 136,000, huenda minane iliuzwa bila kuandikwa, basi fedha hizo ziongezwe kwenye mauzo na gharama yake kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa. Fedha zikiwa sawa, arudi kwenye hati za mapokezi: pengine lori lilishusha mifuko 292 na karani akaandika 300. Hapo ndipo aanze kufikiria uharibifu au wizi. Kwa sababu hii mfumo endelevu, hata ukiwa wa kompyuta, hauondoi kazi ya kuhesabu stoo. Daftari linajua kilichoandikwa tu.

Kuhesabu nako kuna hatari yake, hasa katika mfumo wa vipindi. Mifuko 10 ikisahaulika nyuma ya mabati, gharama ya mwezi huu inapanda kwa 150,000, na mwezi ujao, ikihesabiwa, gharama inashuka kwa kiasi hichohicho. Faida ikiporomoka mwezi mmoja na kuruka unaofuata bila mauzo kubadilika, rudia kuhesabu kabla ya kumshuku mtu.

Duka lenye misumari na skrubu za kila aina linaweza kubaki na mfumo wa vipindi kwa vitu hivyo vidogo. Saruji, mabati na nondo vifungulie kadi ya stoo leo.