Unaajiri msusi? Andika haya kabla hajashika kichana

Wadau wa nywele na mawigi, hii ni ya kwenu mnaouza Insta na Wasapu na sasa mna kasaluni kadogo mnataka kuajiri msusi. Makaratasi ni mawili tu: barua ya kumpa kazi na mkataba.

Barua iwe ukurasa mmoja. Taja kazi, siku ya kuanza, mshahara, muda wa majaribio na tarehe ya mwisho ya yeye kujibu. Mimi huwa naandika hivi: "Tunakupa kazi ya ususi kuanzia 1 Machi. Mshahara ni 250,000 kwa mwezi pamoja na kamisheni ya asilimia 20 ya pesa ya ufundi. Majaribio ni miezi mitatu. Tujibu kabla ya 20 Februari." Kilichoandikwa kwenye barua kisije kubadilika kwenye mkataba, maana huyo dada atakuwa ameshaacha kazi yake ya zamani kwa kuamini barua yako.

Sasa neno "ufundi" hapo juu ndilo lenye pesa. Watu wengi wanaandika "kamisheni asilimia 20" halafu basi. Asilimia 20 ya nini? Chukulia mteja kalipa 120,000. Humo wigi ni 75,000 la dukani kwako, kubandika ni 45,000. Msusi akipiga kwa 120,000 anaona chake 24,000. Wewe ukipiga kwa ufundi unaona 9,000. Tofauti ni 15,000 kwa kichwa kimoja. Wateja wa hivyo 40 kwa mwezi ni 600,000 mnazogombania, na kila mtu anajiona ana haki. Kwa hiyo kwenye mkataba weka mfano wenyewe na namba zake. Ongeza na kazi ya kurudia: mteja akirudi ndani ya siku saba wigi limeachia, linabandikwa tena bure na hakuna kamisheni mpya.

Kingine, msusi akiunguza wigi usikate mshahara kimya kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka akubali kwa maandishi, hasara iwe ya kosa lake, umwandikie chanzo na kiasi, na umpe nafasi ya kupinga. Makato hayo yasizidi robo ya ujira wake, wala thamani halisi ya kilichoharibika.

Majaribio yaandikwe kwa tarehe: 1 Machi mpaka 31 Mei. Na useme unapima nini. Mimi napima vitatu: anabandika bila gundi kuharibu nywele za mbele za mteja, anamaliza kwa muda tuliomwahidi mteja, anafika saa aliyopangiwa. Majaribio siyo kazi ya bure jamani, mshahara unalipwa kama kawaida.

Notisi nayo haina mambo mengi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, ndani ya mwezi wa kwanza ni siku saba, baada ya hapo siku 28, kwa maandishi, na inawabana nyote wawili. Kuwa kwenye majaribio hakufuti notisi. Usiandike "mwajiri anaweza kumwondoa muda wowote", kipengele hicho hakitakusaidia mkifika kwenye usuluhishi.

Tukija kwa wateja, hapa ndipo wauzaji wa mtandaoni tunapoumia, maana mteja tumempata kwa matangazo ya pesa zetu. Andika kwamba miadi yote inapitia simu ya biashara, malipo yote yanaingia lipa namba ya duka, na akiwa mwajiriwa haendi kusuka mteja wa duka nyumbani kwa malipo ya pembeni. Picha za kazi anaweza kuweka kwenye ukurasa wake baada ya duka kuweka, mteja akiwa ameridhia. Akiondoka anarudisha simu na daftari la namba.

Ila usimwandikie kwamba akiacha asisuke tena mjini. Ususi ndio mkono wake, na katazo pana namna hiyo ni gumu kulitetea. Mimi naandika: "Kwa miezi mitatu baada ya kuondoka, hatawatafuta wateja aliowapata kupitia duka kwa kutumia namba za duka." Mteja akimfuata mwenyewe, mwache aende. Dalili ya mchezo unaiona mapema: mteja wa kila wiki mbili anapotea ghafla, na bado msusi anakuomba ruhusa kila Jumapili.

Chapisha nakala mbili, msaini kila ukurasa wote wawili, yeye aondoke na yake siku hiyohiyo. Mpe siku mbili asome kwanza nyumbani, na akitaka kubadilisha kitu mkae mkiongee kabla ya tarehe ya kuanza.